Ripoti ya bima imetumia bei za 2019: piga hesabu kabla ya kuandika barua

*"Habari mtaalamu. Nina kiwanda kidogo cha unga wa mahindi Mbagala. Aprili 2025 moto ulianzia kwenye paneli ya umeme usiku, mashine yangu kubwa ya kusaga ya rola ikaungua yote. Nina bima ya moto, mitambo yote kwa pamoja imeandikwa shilingi milioni 150. Rola niliinunua mpya 2016. Mtathmini aliyeletwa na kampuni ya bima ametumia ripoti ya uthamini ya 2019, niliyofanyiwa nilipokopa benki. Humo rola ni milioni 60 na mitambo yote ni milioni 130. Akakata uchakavu wa miaka sita, akabaki na milioni 38.4. Muuzaji ananiambia rola kama ile, mpya na ikiwa imefungwa, leo ni milioni 120. Wameshanitumia karatasi ya kusaini nichukue hela. Nataka kuwaandikia barua kali. Naanzia wapi?"*

Pole sana ndugu yangu. Anza kwa kutosaini hiyo karatasi. Isome mstari kwa mstari na utakuta mahali panaposema kwamba unapokea kiasi hicho kama malipo kamili na ya mwisho, na kwamba hutadai tena chochote kuhusu tukio hilo. Ukishaweka sahihi na muhuri wa kiwanda hapo, barua kali kiasi gani haitakusaidia. Njia ya kuchukua hela bila kuifunga kesi ipo, nitaieleza mbele kidogo.

La pili, barua usiielekeze kwa mtathmini. Watu wengi hugombana naye kana kwamba yeye ndiye hakimu. Mtathmini wa hasara ana leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, na anapaswa kufanya kazi kwa haki, lakini anateuliwa na kulipwa na kampuni ya bima, na anachokiandika ni ushauri. Anayeamua kulipa ni kampuni. Barua iende kwa meneja wa madai wa kampuni, nakala kwa mtathmini, nakala kwa dalali wako wa bima kama unaye. Na kama benki bado inakudai, angalia mkataba wa bima: mara nyingi benki imeandikwa humo kuwa ndiyo ya kwanza kulipwa. Ikiwa ni hivyo, benki nayo ipate nakala, maana fidia ikipungua dhamana yao nayo inapungua, na sauti ya benki husikika haraka kuliko yako.

Sasa tuingie kwenye kosa lenyewe, kwa sababu ukilitaja vibaya watakujibu kwa sentensi moja na faili litafungwa.

Wenye viwanda wengi huandika, "mmekata uchakavu mara mbili." Kwako si hivyo. Mthamini wa 2019 aliikuta rola ikiwa na miaka mitatu, akaipa thamani ilivyokuwa siku ile. Mtathmini wa sasa amekata miaka sita iliyofuata, asilimia 6 kwa mwaka, jumla asilimia 36, na 60 ukitoa asilimia 36 unapata 38.4. Miaka yenyewe haijarudiwa. Kosa liko kwenye bei. Uchakavu wa 2025 umekatwa kwenye bei ya 2019. Mashine imezeeshwa hadi siku ya moto, lakini soko limeachwa palepale lilipokuwa miaka sita nyuma. Bima ya moto ya kawaida inalenga kukurudisha ulipokuwa dakika moja kabla ya moto kuanza, kwa hiyo hali ya mashine na bei ya mashine vyote viwe vya siku hiyohiyo. Huwezi kuchukua kimoja cha Aprili 2025 na kingine cha 2019.

Mitambo hii inaagizwa nje na kulipiwa kwa dola. Mwaka 2019 dola ilikuwa karibu shilingi 2,300. Kufikia 2024 ilishavuka 2,600. Hiyo peke yake haielezi pengo lote, na nakuomba usijaribu kuichukua ile milioni 60 na kuipandisha kwa asilimia ya mfumuko wa bei au ya dola. Ukifanya hivyo umekubali kwamba milioni 60 ndiyo msingi sahihi. Msingi sahihi ni bei ya leo ya mashine mpya ya aina na uwezo uleule, halafu ndipo unakata uchakavu wa miaka yote tangu ilipoanza kufanya kazi.

Kuna jambo la pili kwenye ile ripoti ya 2019, na huenda ndilo lenye nguvu kuliko hata umri wake. Fungua ukurasa wa mwanzo, tafuta sentensi inayosema uthamini ulifanywa kwa madhumuni gani. Kwa kuwa ulikuwa wa mkopo, itasema ni kwa ajili ya dhamana ya benki. Kisha tafuta, mara nyingi kurasa za mwisho, sentensi inayosema ripoti isitumike kwa madhumuni mengine wala na mtu mwingine. Wathamini karibu wote huiweka. Halafu nenda kwenye jedwali la muhtasari. Ripoti za benki kwa kawaida huwa na safu mbili: thamani ya soko, na thamani ya kuuza kwa haraka, yaani benki ingepata kiasi gani kama ingelazimika kuipiga mnada ndani ya muda mfupi. Safu ya pili huwa chini kwa kiasi kikubwa. Angalia ile milioni 60 imetoka safu ipi. Nimeona mafaili ambayo mtathmini alichukua namba ya mnada akaiita thamani ya mashine, na hakuna aliyefungua kiambatisho kuhakiki.

Hata kama ni ya safu ya soko, bado haijibu swali la bima. Benki inauliza, "tukiiuza tutapata nini?" Bima inauliza, "mwenye mali atatumia nini kuwa tena na mashine ya namna hii?" Jibu la swali la pili lina ndani yake usafiri kutoka bandarini, wakala wa forodha, msingi wa zege, fundi wa kufunga na wa umeme. Mnunuzi wa mtumba hakulipi hata senti kwa zege uliloacha sakafuni.

Lakini uwe mkweli kuhusu ripoti hiyo ilivyoingia kwenye faili. Kama uliiambatanisha mwenyewe siku ya kujaza fomu ya madai, mtathmini hakufanya hila. Alitumia karatasi pekee iliyosainiwa na mtaalamu iliyokuwa mbele yake. Sema hivyo kwenye barua: uliitoa kuthibitisha kwamba mashine ilikuwepo na ni yako, si kupanga thamani yake ya 2025.

Sasa fika mahali ambapo wengi hujikata kwa kisu chao wenyewe. Milioni 150 iliyoandikwa kwenye bima si ahadi ya malipo. Ni kikomo, na pia ni kipimo. Mikataba mingi ya moto ina kanuni ya uwiano: siku ya hasara wanajumlisha thamani halisi ya mitambo yote iliyo chini ya kiasi hicho, iliyoungua na iliyopona, na kama jumla inazidi kiasi ulichokatia bima, unahesabiwa kuwa umejibebea mwenyewe sehemu iliyobaki. Fidia inakuwa hasara mara kiasi cha bima, gawanya kwa thamani halisi ya vyote.

Unaona hatari iko wapi? Ukisema bei za 2019 ni za zamani kwa rola, ni za zamani pia kwa mashine ya kukoboa, chekeche, mota na kila kilichobaki. Huwezi kuithamini iliyoungua kwa bei za leo na zilizopona kwa bei za 2019. Mtathmini ataliona hilo kabla hajamaliza chai, na tangu hapo hatakuamini kwa lolote. Kwa hiyo kabla ya kuandika neno moja, kaa na daftari ufanye hesabu ya kiwanda kizima.

Tuifanye pamoja kwa namba zako. Rola mpya leo ni milioni 120. Mashine ya aina hiyo inayotunzwa inaweza kupewa umri wa kazi wa miaka 20. Huu ni mfano wangu, mhandisi ndiye atakayeuthibitisha. Imefanya kazi miaka tisa, yaani asilimia 45. Ukikata asilimia 45 kwenye milioni 120 unabaki na milioni 66. Hiyo ndiyo thamani yake kabla ya moto, si 38.4. Mitambo mingine, ambayo 2019 ilikuwa milioni 70, tuseme kwa njia hiyohiyo leo inafika milioni 77. Jumla ni milioni 143. Bima yako ni 150. Uko salama, kanuni ya uwiano haikugusi, na dai lako halali ni milioni 66, ukitoa thamani ya chuma chakavu na ile sehemu ya mwanzo ambayo mkataba unasema unabeba mwenyewe.

Lakini hujaniambia kama umeongeza mashine tangu 2019. Tuseme 2022 ulinunua mashine ya kukoboa ambayo leo ina thamani ya milioni 38, na hukupandisha bima. Jumla inakuwa 181. Sasa ni 66 mara 150, gawanya kwa 181, sawa na milioni 54.7. Bado ni nzuri kuliko 38.4, lakini uwe umejua mapema, si ukashtukizwe kwenye kikao. Na kama bima yako ingekuwa milioni 80 tu, hesabu ingekuwa 66 mara 80, gawanya kwa 143: milioni 36.9. Hapo barua ya kupinga bei za zamani ingeweza kukushushia fidia chini ya ile 38.4. Wapo waliopinga kwa nguvu, wakashinda hoja, wakalipwa pungufu. Ndiyo maana nasema daftari litangulie.

Ipo hali nyingine ambayo lazima uichunguze, na hapa mkataba ndio utakaosema. Mikataba mingine ina kipengele cha kulipa mpya badala ya kilichochakaa. Mkataba wako huenda uko kwa Kiingereza. Mwombe dalali au wakala akuonyeshe kama kipengele hicho kimo kwenye jedwali la mkataba au kwenye karatasi zake za nyongeza. Kikiwemo, uchakavu haukatwi kabisa. Usifurahi haraka, kwa sababu kipimo nacho kinabadilika: mitambo yote inapimwa kwa bei ya mpya. Kama vyote vikiwa vipya ni milioni 260, basi bima ya 150 ni ndogo mno. Mara nyingi kipengele hicho kinakusamehe upungufu mdogo, ukiwa umekatia bima walau asilimia 85 ya thamani, lakini 150 haifiki huko. Utalipwa 120 mara 150 gawanya kwa 260, yaani milioni 69.2. Tofauti na 66 si kubwa, na kwa njia hii kampuni hulipa kikamilifu pale tu unapokuwa umeinunua kweli mashine nyingine, ndani ya muda uliowekwa. Asiye na mtaji wa kutanguliza hukwama hapo. Kwa hali yako, mimi ningedai kwa thamani ya mashine ilivyokuwa na kuliacha hili la mpya, isipokuwa benki iwe tayari kukupa fedha za kuagizia.

Hali ya tatu ni nadra kwa mitambo: mkataba wa thamani iliyokubaliwa tangu mwanzo. Kama umesaini kwamba rola ni milioni kadhaa na kila upande ukakubali namba hiyo, bei za soko hazina nafasi tena.

Baada ya hesabu, ushahidi. Wa kwanza ni kile kibati cha chuma kilichopigiliwa kwenye ubavu wa mashine. Hata mashine iliyoungua huwa nacho. Futa masizi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, usikwangue kwa kisu, kisha kipige picha kwa karibu hadi namba zisomeke. Hapo kuna jina la mtengenezaji, modeli, namba ya mashine, mwaka, na nguvu ya mota kwa kilowati. Bila namba hizo, profoma utakayoleta, yaani bei ya muuzaji kwa maandishi, wataipinga kwa kusema ni ya mashine bora zaidi. Na wana haki: bima haikupi mashine ya tani 30 kwa siku badala ya ya tani 20. Kama modeli ya 2016 haitengenezwi tena, omba muuzaji aandike kwamba hii ya sasa ndiyo inayoikaribia, na aseme wazi imezidi kwa nini.

Profoma ziwe angalau mbili, kutoka kwa wauzaji wasiohusiana, zenye tarehe karibu na Aprili 2025. Neno la mdomo la muuzaji haliingii kwenye faili. Zigawanywe: bei ya mashine hadi bandari ya Dar es Salaam, gharama za kuitoa, usafiri hadi Mbagala, kufunga na kujaribu. Angalia pia kodi ya ongezeko la thamani. Kama umesajiliwa na unairudishiwa na TRA, bei yako iwe bila kodi hiyo, kwa sababu si hasara kwako. Kama huwezi kuidai, iwemo. Nimeona dai zuri likikataliwa nusu kwa sababu tu hakuna aliyeeleza jambo hili.

Ushahidi wa tatu ni wa hali ya mashine. Kama 2023 ulibadilisha rola zenyewe au beringi kubwa, risiti zake zinapunguza uchakavu. Mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi akikagua mabaki na risiti, akaandika kwamba uchakavu halisi ni asilimia 40 badala ya 45, thamani inapanda hadi milioni 72. Lakini asilimia hiyo itoke kwake, si kwako. Kitu kimoja usikiambatanishe bila maelezo ni orodha ya mali kwenye hesabu zako za mwaka. Humo mhasibu amekata kwa viwango vya kodi, ambavyo kwa mitambo ya uzalishaji ni asilimia 25 kila mwaka ya kiasi kinachobaki. Viwango hivyo ni vya kupunguza kodi, havipimi chuma kimelika kiasi gani, lakini mtathmini anayetafuta namba ndogo atavishika.

Je, umlipe mthamini mpya? Mthamini aliyesajiliwa na bodi yao, chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016, ana uzito kuliko profoma peke yake. Gharama yake kwa kawaida utaibeba mwenyewe. Pengo lako ni milioni 27.6, kwa hiyo inastahili. Kwa mtu anayegombania milioni 3, ningemwambia profoma mbili na barua ya mhandisi zinatosha. Ukimwajiri, mwagize kwa maandishi: thamani kwa ajili ya bima, mitambo yote ya kiwanda, tarehe ya thamani iwe siku moja kabla ya moto.

Barua yenyewe iwe fupi. Ukali uuache nyumbani. Hasira hujibiwa na mwanasheria, hesabu hujibiwa na hesabu. Hii hapa ya kuanzia, jaza mwenyewe palipo na nukta:

*Kwa Meneja wa Madai. Nakala: mtathmini wa hasara, dalali wa bima, benki.*

*YAH: PINGAMIZI LA KIASI, DAI NAMBA ..., BIMA NAMBA ..., MOTO WA TAREHE ... APRILI 2025*

*Nimepokea pendekezo la malipo la tarehe ... la shilingi milioni 38.4. Nashukuru kwamba kampuni imekubali kuwa tukio hili linalipwa na bima. Ninachopinga ni kiasi tu.*

*Ripoti ya mtathmini, ukurasa wa ..., imechukua thamani ya shilingi milioni 60 kutoka kwenye uthamini wa tarehe ... 2019, kisha ikakata asilimia 36. Uthamini huo ulifanywa kwa dhamana ya mkopo, na ukurasa wa ... unasema usitumike kwa madhumuni mengine. Niliuwasilisha kuthibitisha umiliki. Kwa kuutumia hivi, uchakavu umehesabiwa hadi 2025 lakini bei imebaki ya 2019.*

*Mkataba unataka thamani ya siku ya hasara. Bei ya mashine mpya ya aina na uwezo uleule, Aprili 2025, ikiwa imefungwa, ni shilingi milioni 120 (viambatisho 1 na 2). Uchakavu wa miaka tisa kati ya 20 ni asilimia 45 (kiambatisho 3, ripoti ya mhandisi). Thamani kabla ya moto ni shilingi milioni 66. Thamani ya mitambo yote siku hiyo, kwa njia hiyohiyo, ni shilingi milioni 143 (kiambatisho 4), ambayo haizidi kiasi cha bima.*

*Naomba: (a) kiasi kirekebishwe kuwa shilingi milioni 66, kabla ya makato halali ya mkataba, (b) kama hamkubali, nipewe kwa maandishi hesabu yenu na bei mliyotumia kwa Aprili 2025, (c) shilingi milioni 38.4 zisizobishaniwa zilipwe sasa kama malipo ya awali, bila kuathiri haki yangu ya kudai zilizobaki, (d) kikao cha ukaguzi wa pamoja kiwandani ndani ya siku 14.*

Ombi la (c) ndilo ile njia niliyoitaja mwanzoni. Kampuni haina lazima ya kulikubali kila mara, lakini nyingi hukubali kiasi kisipobishaniwa. Hakikisha karatasi mpya ya kupokea imeandikwa "malipo ya awali" na yale maneno ya "kamili na ya mwisho" hayamo. Wakikwambia kwa simu "wewe saini tu, tutarekebisha baadaye," usisaini.

Ombi la (b) lina kazi kubwa kuliko linavyoonekana. Kampuni nyingine haitoi ripoti nzima ya mtathmini. Lakini ikiulizwa kwa maandishi ilitumia bei gani ya Aprili 2025, inabidi ama itoe bei, ama ikiri haina. Kama hujaiona ripoti na namba zake umeambiwa tu kwa mdomo, omba kwanza ukurasa wa hesabu ndipo uandike barua. Ukipeleka kwa mkono, gongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

Kwenye kikao cha pamoja mlete mhandisi wako. Mtathmini huenda akasema soko lina rola za mtumba kwa milioni 50. Usimkatalie papo hapo. Mwombe aonyeshe ni ipi, ya mwaka gani, ipo wapi, na je, bei hiyo ina usafiri na kufunga. Kama ipo kweli na iko katika hali ileile, hoja yake ni halali na utalazimika kushuka. Mara nyingi huwa ni tangazo la simu lisilo na hata picha ya kibati. Kwa uzoefu wangu, madai ya namna hii huishia katikati. Jua mapema namba ambayo hutashuka chini yake, na kwa hesabu zetu mimi nisingeteremka chini ya milioni 58 bila mhandisi kunipa sababu.

Wasipojibu, au wakirudia milioni 38.4 bila hesabu mpya, lalamika kwa maandishi TIRA, ambayo ndiyo inayowapa leseni kampuni na mtathmini. Ipo pia Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima hapa Dar es Salaam. Ina kikomo cha kiasi inachoweza kusikiliza, kwa hiyo wapigie kwanza na ueleze kwamba kinachobishaniwa ni milioni 27.6. Soma pia mkataba: mingi husema kwamba pande zikikubaliana kuwa bima inalipa lakini zikapishana kwa kiasi, suala liende kwa mwamuzi kabla ya mahakama, na huweka muda, mara nyingi miezi 12, ambao dai likiachwa hufa. Andika tarehe hiyo ukutani. Kuandikiana barua na kampuni hakuusimamishi muda huo.

Nenda kwa wakili, uso kwa uso na ukiwa na mkataba mkononi, mara tu barua yao itakapotaja kwamba ulificha jambo, ulidanganya thamani, au ulikiuka sharti la umeme au la vizima moto. Hapo ubishi umeacha kuwa wa kiasi, wanatafuta kutolipa kabisa, na jibu lako la kwanza lenye papara linaweza kutumika dhidi yako. Mwone wakili pia kama umeshasaini ile karatasi kabla ya kusoma hapa. Zipo hali chache ambapo sahihi iliyopatikana kwa kushinikizwa au kwa maelezo yasiyo ya kweli hutenguliwa, lakini si kazi ya barua ya kawaida.

Na mabaki ya rola, usiwauzie wa chuma chakavu hata kama wanagonga geti kila siku. Yakiondoka kabla ya ukaguzi wa pamoja, mhandisi wako hana cha kupima, na kampuni itasema chuma hicho kilikuwa chao. Kama yanakubania nafasi, iandikie kampuni unayahamishia wapi, yapige picha pande zote kabla ya kuyasogeza, na kibati kibaki palepale kilipopigiliwa.